Mwizi akivunja duka usiku, panga la pili ndilo kesi

“Mwizi akiingia dukani kwangu usiku, nikimkata si halali yangu?”

Si kila pigo. Kifungu cha 18B cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinaruhusu nguvu ya kiasi inayohitajika kujikinga tu. Ikizidi, unashtakiwa, na akifa ni kuua bila kukusudia.

Tuseme kakuinulia nondo gizani, ukamkata mkono. Hapo unajitetea, wala hakuna anayetarajia upime pigo kwa rula. Nondo ikadondoka, akakimbia, ukamfuata hadi barazani ukamkata mguu: hatari ilishakwisha, hilo ni shambulio. Daktari anapojaza PF3 ataandika jeraha liko nyuma ya mguu, na hapo “alinivamia” inakuwa ngumu kuaminika.