Korosho za pakiti kutoka jikoni: kazi ya saa mbili kwa mzazi anayelea watoto wadogo

Wazazi wengi wa Mtwara na Lindi wanaofika ofisini kwetu kuulizia kazi ya kipato inayoweza kufanyika nyumbani huanza kwa kutaja ubanguaji wa korosho, kwa sababu ndiyo kazi waliyoiona tangu utotoni. Kwa mzazi mwenye watoto wadogo, ambaye muda wake wa utulivu ni saa mbili tu kila siku, kwa kawaida kati ya saa saba na saa tisa mchana watoto wakiwa wamelala, ushauri wetu ni kuiacha hatua hiyo ya kubangua ifanywe na wengine, na yeye aanzie mahali wanapoishia: anunue korosho karanga, yaani zile ambazo tayari zimebanguliwa na kumenywa ganda laini la ndani, kisha azikaange, azifungashe na kuziuza kwa pakiti ndogo.

Sababu ya kwanza ni usalama. Ganda gumu la korosho lina mafuta makali yanayochubua ngozi, na ganda hilo linapopashwa moto hutoa moshi unaowasha macho na kifua, kwa hiyo si kazi ya kufanyia kwenye ua anamotambaa mtoto. Sababu ya pili ni muda na mali yenyewe, kwani huhitaji kilo nne hadi tano za korosho ghafi ili kupata takriban kilo moja ya korosho karanga, na kati yake kuna kupasha moto, kubangua, kukausha na kumenya, hatua ambazo hazigawanyiki vizuri katika saa mbili. Ipo pia sababu ya kisheria ambayo haipaswi kuchukuliwa kwa wepesi: korosho ghafi huuzwa kupitia vyama vya ushirika na mfumo wa stakabadhi ghalani, na ununuzi wa mitaani nje ya mfumo huo, ule unaoitwa kangomba, umepigwa marufuku. Anayenunua korosho karanga kutoka kwa kikundi cha wabanguaji au kiwanda kidogo, na kupewa risiti, hana hofu hiyo.

Tuchukue mfano wa mama anayeishi Magomeni, Mtwara mjini, mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu na mwingine wa miaka minne, anayeanza na kilo mbili. Kazi hii ataigawa katika siku tatu, na mgawanyo huo unatokana na swali moja ambalo mlezi wa mtoto mdogo hana budi kujiuliza kabla ya kila hatua: mtoto akiamka sasa hivi, kazi hii inaweza kuachwa katikati bila hasara?

Siku ya kwanza ni ya kuchambua na kutia chumvi, kazi ambayo inaweza kuachwa wakati wowote. Korosho humwagwa kwenye sinia pana, zile zenye madoa meusi, matundu ya wadudu au mabaki ya ganda huondolewa, na nzima hutenganishwa na vipande. Kutenganisha huku si urembo, kwa maana kipande kidogo huungua kabla korosho nzima haijaiva, na zikikaangwa pamoja mzigo wote hupata ladha chungu. Baada ya hapo gramu 30 za chumvi laini huyeyushwa katika takriban mililita 100 za maji ya uvuguvugu, maji hayo hunyunyizwa juu ya kilo mbili za korosho huku zikigeuzwa, kisha hutandazwa juani zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa chepesi hadi zikauke kabisa zikiguswa. Jua la mchana wa pwani linatosha, ila zisiachwe nje jioni, kwa sababu hewa ya baharini huzirudishia unyevu. Ziingizwe ndani ya ndoo safi yenye mfuniko unaobana.

Siku ya pili ndiyo ngumu, kwa kuwa kukaanga hakuwezi kusubiri. Tunapendekeza ukaangaji mkavu katika sufuria pana na nzito, juu ya moto wa mkaa uliokwisha kutulia, nusu kilo kwa mkupuo mmoja, ukikoroga bila kusimama kwa dakika 15 hadi 20. Mikupuo minne huchukua zaidi ya saa moja, hivyo mkaa uwashwe mapema ili saa mbili zile zisiishie kwenye kupuliza moto. Jiko liwe mahali penye hewa, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa wala chumba anamolala mtoto, kwa sababu mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Tunashauri ukaangaji mkavu badala ya kutumbukiza kwenye mafuta kwa sababu mafuta ya moto na mtoto anayejifunza kutembea havikai pamoja, na zaidi ya hayo korosho zilizokaangwa kwa mafuta yaliyorudiwa huchacha upesi.

Kosa tunaloliona mara nyingi katika hatua hii ni kusubiri korosho ziwe kavu na za kahawia zikiwa bado jikoni. Korosho ya moto huwa laini hata ikiwa imeiva, na ukavu wake huja inapopoa. Vilevile joto lililobaki ndani yake huendelea kuipika kwa dakika kadhaa baada ya kuepuliwa. Kwa hiyo ziepuliwe zikiwa na rangi ya dhahabu iliyofifia, zimwagwe mara moja kwenye sinia na kutandazwa. Toa moja, iache ipoe, uivunje: ikikatika kwa mlio na ndani ikawa na rangi karibu sawa na nje, imeiva, ikipinda kidogo kabla ya kukatika, mkupuo huo urudi motoni kwa dakika chache. Mtoto akiamka katikati ya mkupuo, usiiache sufuria juu ya jiko wala usiziache korosho ndani ya sufuria iliyoepuliwa, kwani chuma cha moto kitaziunguza. Zimwage kwenye sinia, funika jiko, umfuate mtoto, utazimalizia baadaye.

Siku ya tatu ni ya kupima na kufunga, na hapa ndipo faida inapopatikana au kupotea. Bei hutofautiana kati ya Newala na Lindi mjini, na kati ya msimu wa Oktoba hadi Desemba na miezi ya mbele, kwa hiyo tarakimu zifuatazo ni za kuonyesha hesabu tu, na kila mmoja aweke za kwake. Tuseme mama wetu amenunua kilo mbili kwa shilingi 24,000 kila kilo, sawa na 48,000. Mkaa ni 1,000, chumvi 200, mifuko 40 ni 2,400 na lebo 40 ni 2,000. Jumla imekuwa 53,600. Katika ukaangaji uzito umepungua hadi gramu 1,920 kwa sababu ya maji yaliyotoka, na baada ya kuondoa zilizoungua na zilizovunjika anabaki na gramu 1,800 za kuuza, ambazo ni pakiti 36 za gramu 50. Akizipeleka dukani kwa 1,800 kila moja anapata 64,800, na faida yake ni 11,200. Akiziuza mwenyewe kwa 2,000, kwa majirani au maofisini, anapata 72,000 na faida ya 18,400.

Sasa tuseme hana mzani, anapima kwa kijiko na kwa huruma ya mkono wake kila pakiti inakuwa na gramu 55 badala ya 50. Mnunuzi hataiona tofauti hiyo ya korosho tatu nne. Lakini zile gramu 1,800 zitatoa pakiti 32 tu, dukani zitaleta 57,600, na faida ya siku tatu itashuka kutoka 11,200 hadi 4,000. Ndiyo maana tunasema mzani mdogo wa kidijitali ununuliwe kabla ya lebo za rangi na kabla ya mashine ya kubania mifuko. Upungufu nao ni kosa: lebo ikisema gramu 50, ndani ziwe 50.

Kabla ya kufunga, korosho ziwe zimepoa kabisa. Pakiti iliyofungwa ikiwa na joto huonyesha ukungu mwembamba kwa ndani, na unyevu huo ndio utakaozilegeza korosho ndani ya wiki. Anayebania kwa mshumaa na kipande cha msumeno, kama wengi wanavyoanza, afanye hivyo juu ya meza na mtoto akiwa mbali. Kisha achukue pakiti mbili tatu, azizamishe kwenye bakuli la maji na kuzibonya. Mapovu yakitoka, mbano haujashika na unyevu utapita hapo hapo. Korosho karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na mafuta hayo huharibiwa na hewa, joto na mwanga, hivyo pakiti zisining'inizwe juani mbele ya kibanda. Katika kila mzunguko ibakizwe pakiti moja nyumbani, iandikwe tarehe, ifunguliwe baada ya wiki nne. Ikiwa imelegea au ina harufu ya mafuta ya zamani, muda wa matumizi unaoandikwa kwenye lebo lazima uwe mfupi kuliko huo.

Zile zilizovunjika zinaweza kuliwa nyumbani, lakini korosho nzima au kipande kigumu asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, kwa kuwa humpalia na kuziba njia ya hewa. Zisagwe ziwe laini na kuchanganywa kwenye uji, kidogo kwanza, huku mzazi akiangalia kama mtoto anatoka vipele, anavimba mdomo au anapumua kwa shida. Dalili hizo zikitokea apelekwe kituo cha afya mara moja.

Kwa upande wa taratibu, SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, ina ofisi Mtwara na Lindi, hutoa mafunzo ya usindikaji wa vyakula na kumtambulisha mjasiriamali mdogo kwa TBS, taasisi ya viwango vya ubora, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia pia usalama wa chakula. Ni vyema kufika huko kabla ya kuchapisha lebo nyingi, ili usije ukazitupa kwa kukosa jambo moja linalotakiwa.

Mizunguko miwili kwa juma ndiyo kikomo cha saa mbili kwa siku, kwa kuwa ukaangaji wa kilo mbili unaujaza mchana mmoja. Kinachokwamisha mzunguko wa pili mara nyingi ni mali kauli: mwenye duka anachukua pakiti zote 36 kwa ahadi ya kulipa zikiisha, na 53,600 ya mtaji inakaa kwenye rafu yake. Mpe 12, uandike tarehe na idadi kwenye daftari mbele yake, na utakapopeleka 12 nyingine uchukue kwanza 21,600 za zile za mwanzo. Kama amelipa za pakiti 5 tu, mwachie 5.