Barua ya kuomba msaada ukiugua muda mrefu chuoni Uingereza

Barua nyingi za namna hii huanza na maumivu, na ombi lenyewe hujificha mwishoni. Afisa wa ustawi wa wanafunzi hutafuta kwanza tarehe: ugonjwa ulianza lini, matibabu yataisha lini, na katikati masomo yameathirikaje.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Kitanzania aliyegundulika na kifua kikuu mwezi Novemba. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, na dawa zake Uingereza hutolewa bure. Kwa hiyo asiombe fedha za dawa. Tatizo lake ni kwamba kazi ya muda aliyokuwa akifanya imesimama. Aandike hivi: "Kodi ya chumba ni pauni 600 kwa mwezi, chakula 160, usafiri na simu 40, jumla 800. Nyumbani wananitumia 350. Pauni 450 zilizobaki nilizipata kazini, nami siwezi kufanya kazi hadi Machi. Naomba pauni 1,800 kwa miezi minne, Desemba hadi Machi." Aambatanishe taarifa za benki na mkataba wa chumba. Hesabu isiyolingana na taarifa ya benki ndiyo hurudisha maombi mengi, hasa pale fedha za ndugu zinapoonekana kwenye akaunti lakini hazikutajwa.

Wengi huogopa kuomba kwa sababu viza yao inakataza misaada ya serikali. Mfuko wa dharura wa chuo haumo katika katazo hilo.

Penye hatari ni neno "kuahirisha". Mwanafunzi mwenye viza ya masomo anadhaminiwa na chuo, na akisitisha masomo kwa zaidi ya siku 60, kwa kawaida chuo huondoa udhamini na kuiarifu idara ya uhamiaji. Ugonjwa mzito unaweza kuzingatiwa, lakini uamuzi huo si wa ofisi ya ustawi. Kabla ya kuandika "naomba kuahirisha mwaka", azungumze na mshauri wa viza wa chuo. Mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu mara nyingi haambukizi tena baada ya wiki mbili hivi za dawa zinazofanya kazi, kwa hiyo huenda kinachomfaa ni kuongezewa muda wa kazi za darasani na kufanya mitihani baadaye. Ombi hilo lina fomu yake, na hupelekwa idarani kwake.

Kuhusu ushahidi, barua inayosema tu "ni mgonjwa wangu" haisaidii. Amwombe daktari, au muuguzi anayesimamia dozi yake, ataje tarehe ya kuanza dawa, tarehe inayotarajiwa ya kumaliza, na athari kama uchovu au kichefuchefu zinazomzuia kusoma. Aombe mapema, kwani daktari wa kawaida anaweza kutoza ada kwa barua hiyo na kuchukua wiki kadhaa kuiandika. Cheti cha hospitali ya nyumbani kilichoandikwa Kiswahili kiende na tafsiri iliyothibitishwa.