Kihisi kuwa chako hakumaanishi kila kipimo ni bure

Wiki iliyopita mteja mwingine aliniletea saa janja akisema kihisi cha usingizi kimekufa. Niliivaa, nikafungua programu yake kwenye simu, nikaona mapigo ya moyo yanasomeka, hatua zinahesabika, na muda wa kulala wa kila usiku upo. Kilichotoweka ni uchambuzi wa usingizi, na mahali pake palikuwa na alama ya kufuli na kitufe cha kulipia. Saa ilinunuliwa miezi sita na siku chache zilizopita, na miezi sita ndiyo ofa ya majaribio iliyokuja nayo. Hakuna kilichoharibika.

Nimechoka kusikia kwamba kihisi kikiwamo ndani ya saa, basi kila kinachotokana nacho kimeshalipiwa dukani. Taa za kijani zilizo mgongoni mwa saa humulika ngozi, na saa yenyewe hugeuza mwanga unaorudi kuwa mapigo ya moyo. Hapo kwa kawaida hakuna ada. Alama zinazokokotolewa kutokana na vipimo vya siku nyingi ni jambo jingine, kwa kuwa kampuni ndiyo huamua nani aonyeshwe jibu. Alama ya utayari wa kila siku ya Fitbit ilipotoka mwaka 2021 ilikuwa ya waliolipia Premium, huduma ya kulipia ya kampuni hiyo, na mwaka 2024 ikafunguliwa kwa wote.

Wapo wanaoshauri kuzima intaneti na kuhesabu kuwa cha bure ni kile kinachoendelea kufanya kazi. Ushauri huo unapotosha. Unaonyesha hesabu inafanyika wapi, hauonyeshi nani anailipia: alama ya jumla ya usingizi ya Fitbit imekuwa bure ingawa huonekana baada ya saa kuwasiliana na simu, huku uchambuzi wake wa kina ukiwa wa Premium.

Njia ninayoitumia ni kuunganisha saa mpya na akaunti bila kuianzisha ofa kwa wiki nzima, baada ya kuangalia siku ya mwisho ya kuipokea. Unachokiona wiki hiyo, kwa kawaida ndicho kitakachobaki. Kabla ya kununua, soma maandishi madogo kwenye boksi, kisha ukurasa wa mtengenezaji unaolinganisha huduma za bure na za kulipia, ukitafuta kila kipengele kwa jina lake. Maneno "In-app purchases" kwenye Play Store yanakujulisha tu kwamba kuna kitu kinauzwa ndani.

Hata hivyo, siwezi kumhakikishia mtu kuhusu vipengele vitakavyokuja. Kampuni ya saa ya Garmin ilipoanzisha huduma yake ya kulipia ya Connect+ mwezi Machi 2025, ilisema vilivyokuwa bure vitabaki bure, ila baadhi ya vipya viliwekwa upande wa kulipia. Mteja wangu alihitaji muda wa kulala na mapigo tu, vyote viwili bado anavyo, na hakulipia.