Kahawa chungu, madafu na dawa za asubuhi kabla ya kupima damu

"Baba anapimwa sukari na mafuta kesho asubuhi hapa Mtwara, kaambiwa asile kitu. Kahawa chungu isiyo na sukari si anaweza?"

Aiache tu mpaka akitoka maabara. Kweli haina sukari, ila kafeini yenyewe inaweza kusumbua kipimo cha sukari, halafu tuseme ukweli dada, wazee wetu kahawa ya barazani hawainywi kavu, kashata iko pembeni. Chai ya rangi nayo vilevile, hata isiyo na sukari.

"Hata kijiko kimoja cha sukari kwenye chai?"

Hicho ndo kabisa. Damu yote ya mtu mzima mwenye sukari ya kawaida ina sukari kama gramu 5 hivi, yaani kijiko kimoja cha chai, sasa ukiongeza kingine asubuhi unategemea nini? Asiyekula akisoma 7.0 mmol/L au zaidi anaanza kuhisiwa kisukari, kwahiyo chai tu inaweza kumpeleka mtu upande wa pili. Maji anywe, tena anywe ya kutosha maana mishipa inaonekana vizuri, lakini maji matupu. Madafu sio maji jamani, yana sukari. Na zile korosho za kutafuna kwenye foleni ni chakula.

Akimaliza kula saa mbili usiku, saa mbili asubuhi atakuwa na masaa 12, inatosha vyote viwili. Sukari peke yake inataka angalau masaa 8.

"Anameza amlodipini ya presha na dawa za sukari, aziache?"

Ya presha ameze kama kawaida kwa maji, akiiacha presha itapanda bure. Za sukari za asubuhi, kwa kawaida anazibeba mfukoni na kumeza akishatolewa damu, pamoja na chakula. Hasa glibenklamidi, hiyo inashusha sukari hata kama tumbo liko tupu. Ukimuona anatetemeka, jasho linamtoka, anaongea vitu havieleweki, mpe sukari au soda ya kawaida palepale, kipimo kitarudiwa siku nyingine. Dozi ya usiku wa kuamkia kipimo asiiruke ili majibu yawe mazuri, daktari anataka kuona dawa zinavyofanya kazi. Kama anachoma insulini muulizeni aliyemuandikia, maana nyingine haziachwi hata siku hiyo.

"Mwezi wa Ramadhani si anakuwa kashafunga tayari?"

Hesabu kuanzia daku, sio kuanzia kulala. Kala saa kumi alfajiri, katolewa damu saa tatu asubuhi, hayo ni masaa 5 tu. Na kwa mtu wa dawa za sukari zungumzieni kwanza na daktari hiyo funga yenyewe, ratiba ya dawa huwa inabadilishwa.