Anayebadilisha akaunti ya mzabuni hahitaji ruhusa ya kulipa

Safari hii nilionyeshwa jedwali. Mistari ni majina ya watumiaji, safu ni kazi za mfumo, na kila kisanduku kimepakwa kijani. Mhasibu mkuu, mtu makini na ninayemheshimu, akaniambia: "Ndugu mkaguzi, hapa kwetu hakuna mwanya. Anayefungua mzabuni halipi, anayelipa hafungui. Mfumo umezuia."

Sentensi hiyohiyo nimeisikia Dodoma, nimeisikia Singida, nimeisikia kwenye semina za wahasibu mpaka naweza kuimalizia mwenyewe. Imani yenyewe ni kwamba mwizi anahitaji funguo mbili, wa kumuunda mzabuni hewa na wa kumlipa, kwa hiyo ukiwapa watu wawili tofauti funguo hizo, kazi imekwisha. Mgawanyo huo ni wa lazima, sikatai. Lakini unamzuia mwizi mvivu. Mwizi mwenye akili hamuundi mzabuni yeyote. Anaazima aliyepo.

Nitaeleza kwa kutumia SAP, programu ya uhasibu na manunuzi, toleo la ECC, kwa sababu ndiyo niliyoikagua zaidi kwenye kampuni binafsi za huku kati. Walio serikalini, kwenye mfumo wa malipo wa MUSE, wana taratibu zao, sizigusi leo.

Chukua kampuni moja ya kusindika alizeti, jina nalihifadhi. Manunuzi wanafungua wazabuni kwa amri ya XK01. Karani wa madai anaingiza ankara kwa FB60. Mhasibu wa malipo anaendesha F110, ile ya malipo ya mkupuo, kisha faili linakwenda benki na kusainiwa na watu wawili. Kwenye jedwali, watu watatu, kazi tatu, kijani tupu.

Karani wa madai alikuwa na ruhusa moja zaidi, FK02, ya kubadilisha taarifa za mzabuni. Alipewa kwa nia njema kabisa: wasafirishaji wanabadilisha namba za simu kila mara, na manunuzi walichoka kuombwa warekebishe. Hakuna aliyeiona kama hatari, maana si kufungua mzabuni na wala si kulipa. Tatizo ni kwamba kwenye FK02 namba ya simu iko ukurasa mmoja na akaunti ya benki iko ukurasa mwingine, na ruhusa ya kuingia ilikuwa moja kwa zote mbili.

Kulikuwa na msafirishaji aliyekuwa anawaletea mbegu kutoka Kongwa na Mpwapwa. Mzabuni halali, mkataba halali, ankara halali ya shilingi 23,600,000 iliyokwisha kuidhinishwa na inayosubiri siku yake. Alhamisi jioni akaunti yake ya benki ikabadilishwa. Ijumaa asubuhi mhasibu wa malipo akaendesha F110 kama kila Ijumaa. Kwenye pendekezo la malipo aliona jina analolijua na kiasi anachokijua. Watia saini wawili nao waliona jina wanalolijua na kiasi wanachokijua. Jumatatu akaunti ikarudishwa ya zamani. Msafirishaji alipopiga simu kuulizia hela yake, wakafungua taarifa zake kwenye mfumo, akaunti ni sahihi, wakamwambia aulize benki yake. Benki ikasema haijaona kitu. Wiki mbili zilipita watu wakirushiana mpira.

Angalia nani alilipa. Mtu mwaminifu, kwa ruhusa yake halali, kwa ankara ya kweli. Aliyeiba hakuwa na ruhusa ya kulipa hata shilingi, na hakuihitaji. Kwa hiyo jedwali la kijani halikudanganya: hakukuwa na mtu mwenye kazi mbili zinazogongana. Lilikuwa linajibu swali lingine. Jedwali la mgawanyo wa kazi hutafuta jozi mbaya, na kubadilisha akaunti ya benki ni kazi mbaya ikiwa peke yake. Hapa ndipo ninapokosana na washauri wanaouza majedwali yenye mamia ya kanuni. Kanuni za jozi zimejaa, za kazi moja hatari utazitafuta kwa tochi.

Dawa yake imo ndani ya SAP miaka yote na naikuta imezimwa karibu kila ninapokwenda. Inaitwa udhibiti wa watu wawili kwa sehemu nyeti. Kwenye usanidi wa mfumo unataja sehemu unazoziona nyeti, na kwa wazabuni ya kwanza iwe `LFBK-BANKN`, yaani namba ya akaunti. Tangu hapo, mtu akiigusa namba hiyo, mfumo unamfungia mzabuni asilipwe mpaka mtumiaji mwingine athibitishe kwa FK08, au FK09 kama ni orodha. Aliyebadilisha hawezi kujithibitishia mwenyewe. F110 ya Ijumaa ingemruka yule msafirishaji, na mtu angelazimika kuuliza kwa nini. Ongeza hapo kitu cha idhini kiitwacho `F_LFA1_AEN`, kinachotenganisha sehemu anazoruhusiwa mtu kubadilisha, ili karani abaki na simu na anwani bila kufika kwenye akaunti. Mtu wa TEHAMA akikwambia FK02 haiwezi kugawanywa, mwonyeshe jina hilo.

Sasa sehemu ambayo sina raha nayo. FK08 inathibitisha kwamba mtu wa pili amebofya. Haithibitishi kwamba amehakiki. Msimu wa mavuno ya alizeti, kampuni inayonunua kwa wakulima wengi inapokea mabadiliko ya akaunti kwa rundo, na nimemwona mthibitishaji akipita kwenye orodha ya FK09 kama mtu anayepukuchua mahindi. Ukimwambia apige simu kwa kila mmoja, wakulima wanachelewa kulipwa na lawama zinamjia yeye. Nimejaribu kupendekeza kikomo, kwamba simu ipigwe kwa mzabuni anayedai zaidi ya kiasi fulani tu. Kikomo kiwe kiasi gani? Sijapata jibu ninaloweza kulitetea. Kila kampuni tulikisia tu, na mwizi akikijua kikomo atakaa chini yake.

Na simu yenyewe ipigwe wapi? Wengi wanachukua namba iliyopo kwenye mfumo. Lakini mwenye FK02 aliyebadilisha akaunti anaweza kubadilisha simu siku hiyohiyo, na utakayempigia atakwambia ndiyo, akaunti ni yangu, asante kwa kunijali. Namba itoke kwenye mkataba uliosainiwa, ule wa karatasi, uliopo kwa manunuzi.

Swali la majukumu ya muda nalipita haraka, maana limeandikwa sana. Jukumu ni fungu la ruhusa analopewa mtumiaji. Usikague jukumu, kagua mtumiaji. SAP inajumlisha ruhusa za majukumu yote ya mtu, kwa hiyo majukumu mawili yasiyo na kosa yanaweza kuzaa kosa yakimkuta mtu mmoja. Dada wa manunuzi anakwenda likizo ya uzazi, jukumu lake linahamishiwa kwa jirani yake, na kwenye SU01, skrini ya watumiaji, safu ya mwisho wa uhalali inaachwa na 31.12.9999. Kwa lugha ya kawaida, jirani amekaimu mpaka kiama.

Turudi kwa msafirishaji wetu. Utajuaje kama hili limekutokea, wakati akaunti imesharudishwa? Usianze na ripoti ya mabadiliko ya wazabuni, RFKABL00, kama ndiyo mara yako ya kwanza. Kwenye `LFBK`, jedwali la akaunti za benki za wazabuni, namba ya akaunti ni sehemu ya ufunguo wa rekodi, kwa hiyo mabadiliko hayaonekani kama ya zamani na mpya kwenye mstari mmoja. Yanaonekana kama rekodi iliyofutwa na nyingine iliyoingizwa, na katikati ya mamia ya mistari ya simu na anwani jicho linapita tu.

Njia nyepesi ni kuuliza malipo yenyewe. F110 ikilipa, akaunti iliyopelekewa hela inabaki kwenye jedwali `REGUH`, sehemu ya `ZBNKN`, na hiyo haibadiliki hata mtu akirudisha taarifa za mzabuni. Basi linganisha: je, kila akaunti iliyolipwa bado ni ya mzabuni huyo leo? Omba nakala za majedwali mawili, uziweke kwenye hifadhidata yako pembeni, uendeshe hoja hii:

```sql
SELECT r.LAUFD, r.LAUFI, r.LIFNR, r.ZBNKN, r.RWBTR
FROM REGUH r
LEFT JOIN LFBK b
  ON b.LIFNR = r.LIFNR AND b.BANKN = r.ZBNKN
WHERE r.XVORL <> 'X'
  AND r.LIFNR <> ''
  AND r.ZBNKN <> ''
  AND b.LIFNR IS NULL;
```

Sharti la `XVORL` linaondoa mapendekezo ambayo hayakuwa malipo. Sharti la `ZBNKN` linaondoa hundi. Kitakachobaki ni malipo yaliyokwenda kwenye akaunti ambayo mzabuni hana tena. Mengi yatakuwa na sababu safi: mzabuni kahama benki kweli, au analipwa kupitia mtu mwingine, au ni wale wazabuni wa mara moja ambao akaunti yao inaandikwa kwenye ankara yenyewe. (Hao wa mara moja wanastahili andiko lao. Aliyewabuni hakuwahi kukutana na karani mwenye mikopo.) Unachotafuta ni akaunti iliyolipwa mara moja tu, katikati ya malipo mengine yaliyokwenda kwenye akaunti ileile kabla na baada. Kwa msafirishaji wetu ulikuwa mstari mmoja, na ulionekana ndani ya dakika chache.

Ukishaupata, chukua namba ya mzabuni na tarehe, nenda `CDHDR`, jedwali la kumbukumbu za mabadiliko, kwenye kundi la `KRED`, yaani wazabuni, utaona jina la mtumiaji, saa, na kama alitumia FK02 au njia nyingine. Hapo simama kidogo kabla ya kumwita mtu. Jina la mtumiaji si mtu. Kwenye ile kampuni nywila zilikuwa zinazungushwa mezani kama kalamu, na ilibidi tulinganishe saa ya `CDHDR` na daftari la getini kujua nani alikuwa jengoni Alhamisi ile jioni. Kumbukumbu za usalama za SM20 zingetupa na kompyuta iliyotumika, ila zinawashwa na msimamizi wa mfumo, na hakuwa ameziwasha.

Mipaka ya hoja hii nayo uijue. Malipo ya mkono kwa F-53 hayaingii `REGUH`, kwa hiyo usimwambie bosi kwamba umekagua malipo yote. Na faili la malipo likikaa kwenye folda ya pamoja kabla ya kupandishwa benki, mtu anaweza kulifungua na kubadilisha namba humo humo. SAP haitajua, `REGUH` itaonyesha akaunti sahihi, na hoja yako itarudi tupu. Kwa hilo inabidi uombe taarifa ya akaunti kutoka benki, yenye namba za waliopokea, uilinganishe na `ZBNKN` mstari kwa mstari. Benki nyingi zitakupa kama PDF. Anza kuwaomba ya jedwali leo, maana watachelewa.