Karatasi ya mdhamini: kurahisisha maneno bila kugusa deni

Kazi inayoniletea wateja wengi huku Kasese ni karatasi ya ukurasa mmoja. Chama cha akiba na mikopo, sako kama wengi tunavyokiita, kina mkataba mrefu wa Kiingereza cha wanasheria, na kina muhtasari wake wa Kiswahili ambao mtu aliyeishia darasa la nne hauvuki mstari wa pili. Naombwa niuandike upya kwa maneno mafupi ya kila siku. Nikimaliza, asiwepo mtu anayedaiwa zaidi au pungufu ya alivyodaiwa kabla sijashika kalamu.

Leo nachukua aya moja tu, ya mdhamini, kwa sababu ndiyo inayoharibika upesi. Mkopaji anajua amepokea pesa. Mdhamini hakupokea kitu. Aliweka dole gumba kwa kuwa jirani alimwomba. Aya ifuatayo nimeitunga kwa mfano wa zile ninazoletewa:

«Mdhamini anakubali, kwa pamoja na wenzake na kwa nafsi yake binafsi, kuwajibika kwa deni lote la mkopaji, ikijumuisha riba na gharama za ufuatiliaji, endapo mkopaji atashindwa kulipa ndani ya siku kumi na nne tangu kupokelewa kwa notisi ya maandishi. Chama kinaweza, bila kulazimika kwanza kumfuatilia mkopaji mahakamani, kukata akiba ya mdhamini, isipokuwa hisa zake. Mdhamini hataruhusiwa kujiondoa pasipo idhini ya maandishi ya chama, ambayo haitatolewa kabla ya mdhamini mbadala kupatikana.»

Sianzi na maneno magumu. Anayeanza kwa kubadilisha «idhini» kuwa «ruhusa» na «mbadala» kuwa «mwingine» atapata aya ileile, imevaa shati jipya. Kwanza naivunja: nani, amelazimishwa au ameruhusiwa au amekatazwa, kufanya nini, lini, na kipi kimeachwa nje. Hapa yanatoka mambo manne. Mdhamini amelazimishwa kulipa. Chama kimeruhusiwa kukata akiba. Mdhamini amekatazwa kujitoa bila barua. La nne limejificha mkiani: chama chenyewe kimekatazwa kutoa barua hiyo mapema. Ukiona orodha yako ina mambo matatu, rudi ukasome tena, maana linalopotea mara nyingi ni lile linalomfunga mwenye nguvu.

Tuanze na «kwa pamoja na kwa nafsi yake binafsi». Wadhamini wakiwa wawili, mwandishi mwenye haraka ataandika: «Mkopaji asipolipa, ninyi wawili mtalipa deni lake.» Maneno mafupi, sentensi safi, na maana imegeuka. Msomaji atagawa kwa mbili kichwani, kwa sababu sokoni Mpondwe watu wawili wakinunua gunia pamoja kila mmoja hutoa nusu. Mkataba hausemi hivyo. Unasema chama kinaweza kumshika mmoja tu na kumdai lote. Basi lazima niandike wazi kile ambacho msomaji angekikosea: «Chama kina ruhusa ya kukudai wewe peke yako deni lote, si nusu.» Hayo maneno mawili ya mwisho hayamo kwenye aya ya asili, lakini hayaongezi mzigo. Yanafunga mlango wa kosa.

Mmeona nimeandika «kina ruhusa», si «kinaweza». Nina sababu. Mtu akisikia «chama kinaweza kukata akiba yako», mara nyingi anasikia labda, kama mvua inavyoweza kunyesha. Mwanasheria alikusudia mamlaka. Ukiandika «kitakata», umevuka upande wa pili: sasa chama kinaonekana kimelazimika kukata, na siku kitakapomwonea huruma mdhamini mmoja na kumkata mwingine, huyu wa pili atakuja na karatasi yako mkononi. Katika karatasi nzima natumia maneno manne tu ya wajibu: «lazima», «si lazima», «ana ruhusa», «haruhusiwi». «Anapaswa» nimeliacha, maana kwa wengine ni amri na kwa wengine ni ushauri wa mzee. «Hawezi» nalo nimeliacha, kwa sababu asiyeweza ni mgonjwa au maskini, na aliyekatazwa ni mtu mwingine kabisa.

Sasa siku kumi na nne. Notisi inapokelewa na nani? Aya haisemi. Kwa maneno marefu ukungu huo hauonekani. Ukitaka sentensi fupi yenye mtendaji, unagonga ukuta, kwa sababu lazima umtaje mtu. Hapa ndipo warahisishaji wengi wanapotunga sheria bila kujua. Wanachagua «barua ikikufikia», kwa kuwa karatasi inaongea na mdhamini, na papo hapo wamempa haki ambayo huenda mkataba haukumpa. Mimi sichagui. Nafungua mkataba wenyewe, na kama nao haueleweki, naandika swali na kumpelekea meneja anijibu kwa maandishi, baada ya kuongea na mwanasheria wake. Tuseme jibu limekuja: barua inakwenda kwa mkopaji, nakala kwa mdhamini, siku zinahesabiwa tangu mkopaji alipoipokea, na siku ya kupokea haihesabiwi. Hapo nina la kuandika. Naongeza na mfano wa tarehe: barua ikimfika tarehe 2, siku ya mwisho ni tarehe 16. Siandiki «wiki mbili», kwa sababu muuza samaki huhesabu wiki kwa siku za soko lake, na anaweza kukosea siku mbili au tatu zenye thamani.

«Akiba» na «hisa» siyagusi. Nimeona karatasi ambapo yote mawili yamekuwa «pesa zako kwenye chama», ati kwa kurahisisha. Mkataba umelinda hisa, na karatasi hiyo imeziachia ziende. Zaidi ya hapo, mwanachama anayajua maneno haya vizuri: yanaandikwa kando kando kwenye kitabu chake. Neno lenye kitu ambacho msomaji amekishika mkononi si neno gumu, hata kama ni la benki.

Mtego ninaoupenda, kama mtu anaweza kupenda mtego, uko kwenye sentensi ya mwisho. «Haitatolewa kabla ya mdhamini mbadala kupatikana» ina makatazo yaliyopandana, kwa hiyo kila mtu hutaka kuigeuza iwe nzuri: «Ukipata mdhamini mwingine, utaruhusiwa kutoka.» Hapana. Aya inasema bila mdhamini mwingine hakuna ruhusa. Haisemi kwamba akipatikana ruhusa ni lazima. Chama bado kinaweza kumkataa huyo mpya. Ukigeuza sentensi ya kukataza kuwa ya kuahidi, umekiwekea chama deni ambalo hakikulikubali, na umempa mdhamini tumaini litakaloishia ofisini kwa ugomvi. Afadhali katazo libaki katazo, lakini livunjwe vipande.

Baada ya hayo yote, karatasi inasomeka hivi:

«Wewe ni mdhamini. Mko wadhamini wawili.

Mkopaji asipolipa, chama lazima kimpe barua. Wewe utapewa nakala. Mkopaji ana siku 14 za kulipa. Siku aliyopokea barua haihesabiwi. Akiipokea tarehe 2, siku ya mwisho ni tarehe 16.

Siku 14 zikiisha na hajalipa, lazima wewe ulipe. Utalipa deni lililobaki, riba yake, na gharama za kulifuata deni. Chama kina ruhusa ya kukudai wewe peke yako deni lote, si nusu.

Hapo chama kina ruhusa ya kukata akiba yako. Si lazima kimpeleke mkopaji mahakamani kwanza. Chama hakiruhusiwi kukata hisa zako. Akiba yako isipotosha, bado unadaiwa kilichobaki.

Huruhusiwi kuacha udhamini mpaka chama kikupe barua ya ruhusa. Chama hakiruhusiwi kukupa barua hiyo kabla hujapata mdhamini mwingine. Ukimpata, si lazima chama kikubali.»

Ni ndefu kuliko aya ya asili. Mameneja hulalamika, wakidhani kurahisisha ni kufupisha. Maneno yamekuwa mafupi. Karatasi imerefuka, na sioni njia nyingine. Sentensi ya «bado unadaiwa kilichobaki» nayo huulizwa imetoka wapi. Imetoka kwenye «deni lote»: akiba ni mahali pa kwanza pa kuchukua, si kikomo cha deni. Lakini sentensi ya namna hii, niliyoitoa ndani ya nyingine, naipigia mstari na kumwomba meneja aweke sahihi kando yake kabla haijachapwa.

Kisha najaribu. Swali la «umeelewa, mama?» halinisaidii, kwa sababu jibu lake ni «ndiyo, mwanangu» hata kama hakuna kilichoingia. Nampa kisa. «Mama, mkopaji amebakiza shilingi 600,000. Wewe una akiba 450,000 na hisa 200,000. Mdhamini mwenzako yuko Kampala, simu haipokei. Barua ilimfika mkopaji tarehe 2, leo ni tarehe 10. Chama kinaweza kukufanya nini leo?» Jibu sahihi ni hakuna, bado. «Na tarehe 17?» Kikate akiba yote 450,000, kiache hisa, na kuendelea kumdai 150,000 pamoja na riba na gharama. Akijibu 300,000, kosa liko kwenye mstari wa «si nusu». Akijibu 650,000, liko kwenye hisa. Jibu baya linanionyesha sentensi ya kurekebisha, ndiyo maana tarakimu nazichagua zisifanane.

Jaribio la pili ni la mtu ambaye hajauona mkataba. Anasoma karatasi yangu na kuandika kutoka humo nani analazimishwa, anaruhusiwa au anakatazwa nini. Naweka orodha yake kando ya ile niliyoandika mwanzoni. Hii hunasa «lazima» lililolegea kuwa ushauri, na chochote nilichokiongeza bila kujua. Yale niliyoyaongeza kwa makusudi, kama wajibu wa chama kutoa barua, yawe na jibu la meneja nyuma yake.

Kuna jambo la kisheria hapa Uganda ambalo waandishi wengi wa mitaani hawalijui. Sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma haimhesabu asiyejua herufi tu. Inamhusu pia mtu asiyeweza kusoma na kuelewa lugha ambayo hati imeandikwa. Anayesoma Kiswahili vizuri lakini amewekewa mkataba wa Kiingereza yumo. Na anayemwandikia mtu kama huyo hati lazima aandike jina lake kamili na anwani yake kama mwandishi, jambo linalochukuliwa kuwa tamko kwamba hati ilisomwa na kuelezwa kwake. Karatasi yangu si mkataba, na chini yake imeandikwa kwamba mkataba ndio unaofunga. Hata hivyo naweka jina, anwani, na tarehe ya toleo la mkataba nililolifuata. Chama kikibadilisha kifungu cha udhamini, tarehe hiyo haitalingana tena, na karani ana amri ya kuziondoa karatasi zote za zamani mezani siku hiyohiyo.