Giligilani, rehani na nanaa: glasi ya maji au kitambaa kibichi?

Fungu la giligilani, au dania kwa walio Kenya, hununuliwa asubuhi likiwa limesimama wima, na jioni limelala. Hapo kila jikoni hutoa dawa yake. Wengine husema vikonyo vichomekwe kwenye glasi ya maji, wengine husema fungu livingirishwe kwenye kitambaa kibichi. Njia zote mbili zinafanya kazi, lakini si kwa kila mboga, wala si popote unapoziweka.

Jani lililokatwa bado lina uhai. Linaendelea kupumua, na kila linapopumua linatumia akiba ya chakula iliyomo ndani yake. Wakati huohuo maji yanalitoka kupitia vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Glasi inarudisha maji kwa kupitia kikonyo. Kitambaa kinalizuia jani lisipoteze maji hewani. Hakuna kati ya hizo mbili inayopunguza joto, na joto ndilo linaloamua jani litamaliza akiba yake lini. Dhana nyingi potofu zinaanzia hapo.

"Ukishaichomeka kwenye maji, hata mezani itakaa"

Kwa giligilani, si kweli, hasa pwani. Jiko la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili hufika nyuzi 30 na zaidi. Katika joto hilo giligilani hupumua kwa kasi mara kadhaa kuliko ikiwa kwenye friji ya nyuzi 4. Ndiyo maana unaikuta imesimama vizuri ndani ya glasi, haijanyauka hata kidogo, lakini majani ya chini yamegeuka manjano. Maji iliyapata. Akiba ya chakula ndiyo iliyoisha, na maji hayarudishi akiba hiyo.

Tatizo la pili ni maji yenyewe. Kikonyo cha giligilani ni laini na kina uwazi ndani, kwa hiyo huoza upesi. Bakteria wakizaliana kwenye glasi huziba mirija inayopandisha maji, na mmea hunyauka huku umesimama majini. Dalili yake ni rahisi: maji yana ukungu, na ukigusa ncha ya kikonyo inateleza.

Kwa hiyo glasi ya giligilani ikae ndani ya friji. Tuchukue fungu moja la sokoni, lile linalouzwa na mizizi yake, limefungwa kwa kamba katikati. Ukifika nyumbani, kabla hata hujapanga nyanya, fungua kamba. Pale kamba ilipobana, vikonyo vimepondeka na joto limejikusanya katikati ya fungu, na uozo huanzia hapohapo. Toa majani ya manjano na yaliyopondeka yote, hata kama ni mengi, kwa sababu jani moja linalooza linaambukiza majirani zake. Wauzaji hunyunyizia maji mchana kutwa ili mboga isinyauke juani, kwa hiyo likung'ute fungu, kisha litandaze kivulini juu ya kitambaa kikavu mpaka matone yakauke. Usilianike mbele ya feni, litanyauka.

Sasa ligawe. Yenye mizizi iache na mizizi yake, suuza udongo tu, kisha isimamishe kwenye glasi yenye maji ya kina cha vidole viwili. Isiyo na mizizi ikate ncha kidogo kwa kisu kikali. Pasiwe na jani hata moja linalogusa maji. Funika majani kwa mfuko mwepesi bila kuukaza, au kwa bakuli kubwa lililogeuzwa, ili unyevu ubaki lakini hewa ipite. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Giligilani iliyoingia friji ikiwa na afya hukaa hivi wiki nzima bila shida, na mara nyingi hufika wiki ya pili.

Friji ndogo huwa haina nafasi ya glasi ndefu, na hapo ndipo kitambaa kinapokuwa bora. Kwangu, kitambaa ndiyo njia ya kila siku na glasi ni ya fungu kubwa la sherehe. Kitambaa hakidondoki, hakimwagiki mtu akifungua mlango kwa haraka, na hakihitaji kukumbukwa kila mara.

"Kitambaa kikilowa zaidi, ndiyo vizuri zaidi"

Hili ndilo kosa linaloua mboga nyingi kwenye friji, na linatokana na kudhani kwamba majani yanakunywa maji ya kitambaa. Jani linafyonza kidogo sana kwa njia hiyo. Kazi ya kitambaa ni kuijaza unyevu hewa inayolizunguka jani, basi. Tone la maji linalokaa juu ya jani halilinyweshi, ila linawapa bakteria mahali pa kuanzia.

Chukua kipande cha kanga kuukuu au pamba nyingine laini iliyo safi. Kiloweshe, kisha kikamue kwa nguvu zako zote. Ukikibana tena kisitoe hata tone, na ukikiweka juu ya meza kavu kisiache dimbwi. Kitandaze, panga giligilani safu moja nyembamba, zungushia bila kubana, kisha weka ndani ya chombo chenye kifuniko, ukiacha kifuniko wazi kidogo. Chombo hicho kinafaa zaidi sasa, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Usikifunge kabisa: majani yanapumua, na yakikosa hewa hutoa harufu ya uchachu hata kabla hayajabadilika rangi.

Kila baada ya siku mbili au tatu fungua uangalie. Kitambaa kikiwa kikavu, kiloweshe na kukikamua tena. Kikiwa kimelowa zaidi ya ulivyokiacha, badilisha. Hilo hutokea sana baada ya umeme kukatika, maana friji ikipata joto na kupoa tena, mvuke hugeuka matone juu ya kila kitu.

"Osha kabisa kabla ya kuweka, utumie moja kwa moja"

Kuosha mapema kunaonekana ni usafi na kuokoa muda, lakini maji hubaki yamenasa kwenye mikunjo ya majani ya giligilani ambako kitambaa hakifiki. Osha unapotaka kutumia. Kama kuna mchanga mwingi na lazima uoshe, kausha mpaka majani yakitikiswa yasirushe tone.

"Friji ni rafiki wa kila jani"

Kwa rehani, friji ni adui. Rehani, iwe ya kutia kwenye kikuba au ya kupikia, ni mmea wa joto. Ikikaa chini ya nyuzi 10 hadi 12 hivi, utando wa seli zake huharibika, majimaji ya ndani huvuja, na jani hubadilika kuwa na mabaka ya kahawia na meusi. Friji ya nyumbani iko chini sana ya hapo. Mara nyingi siku moja au mbili zinatosha, na watu hulaumu muuzaji kwamba aliuza rehani iliyokwisha kuoza.

Kitambaa kibichi ndani ya friji kinaizidishia madhara, kwa sababu jani la rehani ni laini, huchubuka likiguswa tu, na linageuka jeusi pale lilipolaliwa na kitu chenye maji. Rehani ikae nje, kwenye glasi. Kata ncha ya kila kikonyo, vua majani ya chini yasiguse maji, weka mahali penye mwanga lakini pasipo na jua la moja kwa moja, mbali na jiko. Badilisha maji kila siku, kwa kuwa kwenye joto letu yanachafuka upesi. Ikianza kutoa mizizi, na mara nyingi hutoa ndani ya wiki moja au mbili, una mche wa kupanda.

Kama hakuna budi ila friji, kwa mfano unasafiri kesho na chakula ni keshokutwa, ivingirishe kwenye kitambaa kikavu na uiweke kwenye rafu ya mlango, sehemu isiyo na baridi kali. Itumie mapema.

"Nanaa inatunzwa kama giligilani"

Karibu, lakini nanaa ina uwezo wa ziada. Inapenda baridi ya friji, na kitambaa kibichi kinaifaa sana kwa sababu majani yake membamba hukauka haraka. Tofauti na giligilani iliyokatwa bila mizizi, kikonyo cha nanaa hutoa mizizi majini kwa urahisi kwenye vifundo vyake. Kwa hiyo unaweza kuigawa: majani ya chai na juisi ya wiki hii yaende kwenye kitambaa ndani ya friji, na vikonyo vitatu au vinne vigumu vibaki kwenye glasi mezani ili viwe miche. Usitegemee hivyo vya mezani kwa chakula, maana vinapoanza kuota majani yake ya chini hupukutika.

"Ikishalala, ni ya kutupa"

Angalia imeharibika vipi kabla hujaitupa. Jani lililolegea lakini bado la kijani na lenye harufu yake limekosa maji tu. Kata ncha za vikonyo, tumbukiza fungu zima kwenye maji baridi kwa dakika kama 20, nalo litasimama, kisha litumie siku hiyohiyo. Jani la manjano limezeeka, na hakuna maji yatakayolirudisha. Ikiwa giligilani na nanaa zinageuka manjano haraka hata ndani ya friji, tazama zimelala karibu na nini: embe, ndizi na parachichi zilizoiva hutoa gesi ya ethilini inayozeesha majani. Zihamishe tu. Mabaka meusi makavu kwenye rehani ni baridi. Ukiyakata sehemu iliyobaki inalika. Weusi unaoteleza na kunuka ni uozo, na huo hauna mjadala.

"Bila friji, tia kwenye chungu kibichi"

Inategemea unaishi wapi. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi kikiloweshwa hupoa kwa sababu maji yanakauka kwenye kuta zake. Dodoma, ambako hewa ni kavu sehemu kubwa ya mwaka, kinapoza vizuri, na giligilani iliyo ndani ya kitambaa huongeza siku moja au mbili. Rehani nayo haidhuriki humo kama kwenye friji. Pwani, hewa imeshajaa unyevu, maji hayakauki, na chungu kinabaki na joto lilelile la chumba. Huko, asiye na friji anunue giligilani yenye mizizi, aisimamishe kwenye maji mahali pa baridi kuliko pote nyumbani, abadilishe maji asubuhi na jioni, na ahesabu siku mbili.